Spika ya Upande wa Wanawake

Niliwahi kuwanyamazisha wanaume wote wa parokia yetu kwa mkono mmoja, nikiwa nimeinama nyuma ya amplifier, na mpaka leo sijaomba msamaha.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, Bukavu, wakati abacost, zile suti zisizo na tai, zilipigwa pasi kila Jumamosi kwa ajili ya misa ya kesho yake. Nilifanya kazi katika studio ya picha karibu na Nyawera. Patron, mwenye studio, alikuwa ameleta kamera mpya ya video, ya stereo, na kati ya wafanyakazi wake ni mimi peke yangu niliyesoma kitabu chake cha maelezo mpaka ukurasa wa mwisho. Sikukuu ya parokia ilipofika akanipa mimi kazi ya kuirekodi. Shemeji yake, aliyekuwa akiimezea mate kamera hiyo tangu itoke kwenye katoni, alinuna wiki nzima.

Mama yangu naye hakufurahi. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya ya akina mama, na aliona aibu kwamba mbele ya kwaya yake binti yake angesimama na chuma begani.

"Ile ni kazi ya banaume," aliniambia. "Nani atakuoa na ile mashini?"

Nilitaka aone kwanza, halafu aseme.

Nilikuwa na kiburi kidogo siku hizo. Sikuitaka mikrofoni ya kamera, kwa sababu inakamata kila kikohozi cha watu walio karibu. Nilinunua nyingine soko la Kadutu, ya kushika mkononi, nikachomeka plagi yake kwenye tundu la kamera. Ili kuhakikisha, nikavaa kisikilizio cha sikio moja kilichokuwa kwenye droo ya studio. Nilisikia kila kitu: ngoma, kayamba, sauti ya mama ikipanda juu ya zote. Nikarudi nyumbani nikitembea kama mke wa gavana.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, video ilionyeshwa katika salle, ukumbi wa parokia. Watu walikaa kama wanavyokaa kanisani, wanaume kushoto, wanawake kulia, televisheni kubwa ya patron katikati, na spika mbili ndefu kila moja upande wake. Nikawasha. Upande wa wanaume ngoma zilinguruma. Upande wa wanawake, spika kimya.

"Sisi hatusikie kitu!" mama mmoja alipaza sauti. "Tunaona midomo tu!"

Wanaume walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Shemeji wa patron alisimama kabisa. "Mwenyezi Mungu amesikia maombi yetu," alisema. "Bamama bamenyamaza!"

Kwaya nzima ya akina mama ilikuwa pale, imevaa vitenge vya sare, imekuja kujisikia kwa mara ya kwanza maishani. Mama alikuwa anatazama miguu yake. Uso wangu uliwaka moto.

Patron alisema spika ya kulia imekufa. Mimi nikaenda nyuma ya amplifier, nikachomoa nyaya mbili zinazotoka kwenye mashini ya video, nikazibadilisha: ya kushoto nikaiweka kulia, ya kulia kushoto. Papo hapo upande wa wanawake ukalipuka kwa ngoma, na wanaume wakabaki midomo wazi kama samaki. Hiyo ndiyo siku niliyoitaja mwanzoni. Akina mama walipiga vigelegele, wanaume wakapiga kelele kuliko walizopiga wanawake, na père, padri wetu, akaamua tuzime tuonyeshe Jumapili ijayo.

Nilikuwa nimelipiza, lakini pia nilikuwa nimejifunga. Kama kimya kimehama pamoja na waya, basi spika ni nzima. Ugonjwa uko ndani ya kaseti, na kaseti niliirekodi mimi.

Patron alipokasirika alikuita citoyenne, raia, kama ofisini kwa serikali. "Citoyenne," aliniambia nje ya salle, "Jumapili ijayo, kama haisikike pande zote mbili, kamera itaenda kwa beau-frère." Alimaanisha yule shemeji yake.

Jumatatu asubuhi niliiweka kaseti kwenye mashini yetu kubwa yenye mishale miwili ya kupimia sauti. Mshale wa kushoto ulicheza, wa kulia ulilala kabisa. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikachukua mikrofoni ya Kadutu, nikaiangalia plagi yake kwa mara ya kwanza kwa makini. Ilikuwa na pete moja nyeusi. Plagi ya stereo ina pete mbili. Mikrofoni yangu ilikuwa na sauti moja tu, na ilipoingia katika tundu la sauti mbili, ilijaza kushoto, kulia ikabaki tupu. Na kile kisikilizio changu cha sikio moja nacho kilisikia kushoto peke yake! Kosa na shahidi wake walikuwa wamelala kitanda kimoja.

Shemeji wa patron, ambaye alijiona fundi kwa sababu aliwahi kufungua redio, alisema dawa ni kuunganisha. Akazikusanya nyaya zote mbili zinazotoka kwenye mashini, ya kushoto na ya kulia, akazifunga pamoja, akaziingiza kwenye mashini ya pili inayorekodi. Sauti ilitoka pande zote, ni kweli, lakini ilikuwa imefifia, na nyuma yake kulikuwa na shhh kama maharage yanayochemka. Alikuwa amechanganya chakula na sahani tupu.

"Iko bien," alisema.

"Haiko bien," nilisema. "Ya kulia haina kitu. Kwanini unaichanganya?"

Nikamwomba anipishe. Mama akipakua, hachanganyi sufuria yenye mchuzi na sufuria ya maji. Anachota kwenye ile yenye mchuzi, anatia katika sahani mbili. Nilikata waya mmoja wa zamani, nikayeyusha risasi ya kuungia, nikatengeneza waya wenye mdomo mmoja upande huu na midomo miwili upande wa pili. Mdomo mmoja nikauchomeka kwenye tundu la kushoto la mashini inayosoma. Ile miwili nikaichomeka kushoto na kulia kwenye mashini inayorekodi. Tundu la kulia la mashini ya kwanza sikuligusa kabisa. Waya wa picha ulipita kama kawaida.

Nikabonyeza. Mishale miwili ikapanda pamoja, ikashuka pamoja. Nilipiga kelele ya furaha hadi mteja aliyekuwa anapigwa picha ya kitambulisho akafumba macho. Kaseti ilikuwa ya saa mbili, na kuinakili ni saa mbili vilevile. Nilikaa mbele ya ile mishale muda wote, sikwenda hata kula. Picha ilipauka kidogo, kama nakala yoyote, lakini sauti ilikuwa imekamilika.

Jumapili, salle ilijaa kuliko mara ya kwanza. Nilikaa upande wa wanawake, kando ya mama. Ngoma zikaanza kushoto. Zikaanza na kulia. Wanawake walisimama wote na vigelegele, na shemeji wa patron akakumbuka kwamba alikuwa na kazi mahali fulani.

Kisha ikafika sehemu ya matoleo. Kwenye televisheni watu walikuwa wanabeba ndizi na kuku kwenda altareni, na juu yao sauti moja ya mwanamke ilipanda peke yake, safi. Mama alinyoosha shingo akasikiliza. Akaninong'oneza:

"Mutoto, ule mama anaimba vile, ametoka parokia gani?"

"Ni weye, maman."

Alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha. Machozi yalimtoka, na mimi yakanitoka.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, patron alikuja na kamera ndani ya mkoba wake. Hakuniita citoyenne. "Samedi kuko mariage kule Walungu," alisema, yaani harusi ya Jumamosi. "Utaenda?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alinyoosha mkono akachukua mkoba, akautupia begani.

"Ataenda," alisema. "Na miye nitamubebea mashini."