Minyororo ya Kijiko Kipya

Machimbo yetu ya kokoto, huku chini ya mlima Hanang, yalikuwa na vijiko viwili, mitambo ya kupakia, aina moja, matairi saizi moja. Cha zamani kilishinda kwenye mawe yaliyopasuliwa kwa baruti. Kipya kilikuwa Masakta kikipakia udongo wa tuta la barabara. Minyororo ya kukinga matairi ilikuwa ya matairi mawili tu, yale ya mbele, maana ndiyo yanayobeba mzigo na kuyavaa mawe kwanza.

Bosi, mfanyabiashara wa Katesh, akaagiza minyororo hiyo nikivalishe kijiko kipya.

"Shikamoo, bosi. Masakta hakuna jiwe."

"Marahaba. Mtoto mchanga anasubiriwa augue ndipo avalishwe sweta?"

"Mvua inakuja. Kule machimboni jiwe likiloa linakata mpira kirahisi zaidi."

"Fundi, tairi likikatika hapa unarudi kwenu."

Kwetu kulikuwa na wadogo zangu watatu, wazazi hawapo. Shule niliiacha darasa la sita ili wao wabaki. Nikaenda kukivalisha.

Mvua iliponyesha nilikwenda tena Masakta kukagua. Udongo mweusi ulikuwa umejaa kwenye pingili zote za minyororo, matairi yamevimba kama maandazi, kijiko kinateleza na kunguruma pale pale. Mzee mmoja mfugaji alisimamisha ng'ombe wake.

"Mmekifunga kisitoroke?"

"Tumekivalisha, mzee."

"Kivueni. Hakijazoea viatu."

Kesho yake, machimboni, jiwe lilipasua ubavu wa tairi la mbele la kijiko cha zamani. Ubavu ukikatika mpaka nyuzi za ndani, hakuna kiraka. Bosi alikuja, akaingiza mkono mzima kwenye tundu, akautoa, akanifukuza. Ilikuwa saa nne asubuhi. Niliosha mikono, nikaenda nyumbani kuchambua maharage.

Saa tisa alasiri akapiga simu. Tairi la akiba walishalifunga, na minyororo ilivuliwa Masakta ikaletwa kwa lori, lakini walipoimwaga chini ilikuwa rundo moja, haijulikani kichwa wala mkia.

"Njoo uifunge."

"Nimefukuzwa, bosi."

"Najua. Njoo hivyo hivyo."

Nikaenda. Nikaitandaza chini, tukapandisha matairi juu yake, nikaunganisha ndoano. Tairi la upande wa pili, lile la zamani, kwa kuwa mpira wake umelika, nikalikaza pingili moja zaidi. Bosi alishika nyundo muda wote, hakuna aliyemuomba.

"Haya, asante. Nenda."

"Ikifanya kazi saa chache italegea. Ikilegea inasugua mpira, inaula yenyewe. Lazima ikazwe tena."

"Basi kaa mpaka jioni."

"Na kesho ikaguliwe. Na keshokutwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mawe yaishe, bosi."

Aliinua macho akautazama mlima wote, kuanzia chini hadi kwenye mawingu.

"Kesho uje saa moja," akasema. "Usichelewe."