Jukumu la Nne la Mama Cherehani

Mtaani walimwita Mama Cherehani, kwa sababu alishona nguo za watu miaka ishirini na mbili kabla ya kuamka siku moja na kusema anarudi chuo kusomea ufundi wa maji. Watu walicheka. Yeye naye alicheka, halafu akaenda kujiandikisha.

Barua ya kumpangia mafunzo kwa vitendo ilipofika, aliisoma jikoni kwa sauti, mwiko mkononi, na bintiye wa kidato cha tatu akamsikiliza kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani. Mahali: karakana ya mita za maji. Muda: wiki kumi na mbili. Msimamizi: mhandisi wa karakana. Posho: ya nauli na chakula, kila mwisho wa mwezi. Majukumu: matano. Na chini kabisa, masharti ya cheti: mahudhurio yasipungue asilimia tisini, ripoti iwasilishwe, na kila jukumu litiwe sahihi na msimamizi aliyemwona mwanafunzi akilitekeleza.

"Mama, hiyo ya mwisho ngumu," alisema binti.

"Ngumu nini? Kwani mimi nitajificha?"

Hakujificha. Tatizo lilikuwa heshima.

Karakana ilikuwa na mafundi wawili vijana, Mrefu na mwenzake waliyemwita Kicheko, na wote wawili walikuwa na mama nyumbani. Kila Mama Cherehani aliposhika spana, Mrefu aliipokea. "Mama, utajiumiza bure." Alipoinama kuokota mita, Kicheko alishaiokota. "Kaa, mama. Wewe tumulikie tu." Basi akamulika. Akaandika namba za mita kwenye daftari, akapanga vipuri, akapokea mita zilizoletwa na wateja, akakabidhi zilizokwisha kutengenezwa, na majukumu hayo manne yakatiwa sahihi moja baada ya jingine. Wiki zilikwenda mbio.

Jumatatu ya wiki ya kumi na mbili, msimamizi wake, dada wa miaka kama thelathini waliyemwita Injinia, alifungua kitabu cha mwanafunzi cha kumbukumbu za kazi. Kidole kikasimama kwenye jukumu la nne: kufungua, kusafisha, kuunga na kupima mita peke yake. Pembeni palikuwa peupe.

"Mama, hapa vipi?"

"Lakini mita mia nzima zimepita mbele yangu!"

"Zimepita. Wewe ulishika tochi."

Bila cheti asingehitimu. Angerudia mafunzo yote mwakani.

"Injinia, si utie sahihi tu?" alibembeleza Mrefu. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alijibu Mama Cherehani kabla ya Injinia. Akawageukia vijana. "Nyinyi wanangu mmeniheshimu mpaka mnataka kunifelisha. Kuanzia sasa mikono nyuma. Atakayegusa spana yangu nitamshonea mfuko wa suruali akiwa ameivaa!"

Kicheko alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mikono ikaenda nyuma.

Alijaribu siku ile ile. Akafungua kifuniko, akatoa chujio lililojaa mchanga, akasugua chemba ya ndani kwa brashi, akaunga, akaifunga mita kwenye meza ya kupimia. Injinia akasogea aone vizuri. Mama akafungua maji. Fyuuu! Maji yakaruka kuzunguka kifuniko kizima na kumlowesha Injinia kuanzia nywele hadi kola. Mpira wa kuzuia maji yasivuje chini ya kifuniko ulikuwa bado mezani, umetulia kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Mrefu akang'ata mdomo, mikono nyuma, akitetemeka kwa kicheko.

"Kesho," alisema Injinia, akijipangusa uso. "Na kesho nitasimama kule."

Kesho yake Mama Cherehani alipanga vipande mezani kwa mfuatano wa kuvitoa, kama anavyopanga vipande vya gauni kabla ya kushona. Akaunga taratibu. Mpira ukaingia. Akafungua maji, hakuna hata tone lililotoka nje. Lita mia zikajaa kwenye tangi la kupimia, naye akafunga na kuinama kusoma mita. Ili ipite, ilitakiwa isome lita tisini na nane hadi mia moja na mbili.

"Tisini na tisa nukta mbili," alisema.

Injinia akaja kusoma mwenyewe. Akasoma tena. Kisha akatoa kalamu, akatia sahihi na tarehe pale palipokuwa peupe.

Vigelegele alivipiga Mrefu, mwanaume mzima.

"Bado ripoti," Injinia alikumbusha, akitabasamu.

"Ripoti naianza leo!"

Jioni vijana wakamfuata hadi mlangoni, wakiutazama mkoba wake mzito.

"Mama, huo tunaruhusiwa kuubeba?"

"Huo bebeni," alisema. "Haumo kwenye barua."