Farasi Kwenye Rafu ya Polisi

Kila Juni, watoto wakishafunga shule, Darlene Petrusik husoma rafu: kitabu kimoja baada ya kingine, namba ya mgongoni akiilinganisha na orodha ya kompyuta. Ni mkutubi wa shule hii ya Montana mwaka wa kumi na tisa sasa. Hakuna apangaye vitabu ila yeye, na ole wake atakayejaribu.

Kwenye rafu ya namba 363, katikati ya vitabu vya polisi, akakuta kitabu cha farasi. Namba yake ilikuwa 636. Akakitambua.

"Nilikirudisha, mwalimu, haki ya Mungu," mwanafunzi Tansy Whitlock alimwambia Novemba iliyopita.

"Vitabu havina miguu, binti. Kilete, ndipo uazime kingine."

Darlene alikuwa amekitafuta, ndiyo, lakini kwenye 636 tu. Kazi ikimzidi, alizoea kubeba vitabu vilivyorudishwa moja kwa moja hadi rafuni bila kuvipitisha kwenye mashine inayosajili kuwa vimerudi. Tansy akakaa majira yote ya baridi akiwatazama wenzake wakiazima. Machi, gari la baba yake likateleza kwenye barafu, wakazikwa wote wawili, baba na binti. Ofisi ilipotaka kulifuta jina lake, kompyuta ikagoma: bado ana kitabu cha shule.

Darlene akakipitisha kwenye mashine. Akabadilisha "kimepotea" kuwa "kipo", akabonyeza. Kompyuta ikajibu palepale:

"Tansy Whitlock. Sasa anaruhusiwa kuazima."