Pasipoti Ndani ya Pindo la Gauni

Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na baba yake. Ni Mama Pindo, basi. Jina lenyewe kalitafuta mwenyewe, maana akikutana na mtu njiani, kabla hata ya salamu macho yake yanateremka kutazama pindo la nguo. Likiwa limeshonwa ovyo, anauliza, "Nani kakufanyia uadui huu?" Wateja wanamvumilia kwa sababu moja tu: mshono wake haufumuki. Nguo itachakaa, itageuka tambara la kudekia, lakini pale alipopita yeye na sindano patabaki vilevile mpaka siku ya kiama.

Ana binti mmoja, kaolewa mbali, ng'ambo ya nchi mbili tatu. Mimba yake ya kwanza ilikaa vibaya, madaktari wakampangia upasuaji. Akampigia mama yake simu akilia. "Mama, nisiingizwe kule kabla sijakuona." Mama Pindo hakuuliza habari ya pili. Alifunga cherehani, akaifunika kwa shuka, akawaambia wateja walie au wacheke, yeye anakwenda.

Tiketi alinunua mkwe. Mkwe ni kijana mwema, ila mkono wake unatoka mfukoni kwa kulazimishwa, na alichagua zile za rahisi kuliko zote: unashuka asubuhi kwenye uwanja wa ndege wa watu usiowajua, unashinda hapo kutwa, jioni ndiyo unapanda ndege ya pili inayofika alfajiri. Asubuhi hiyohiyo binti anaingia chumba cha upasuaji. Ukiikosa ndege ya jioni, nyingine ni keshokutwa, na tiketi ya rahisi hairudishwi wala haibadilishwi.

Hakusafiri peke yake. Wifi yake, dada wa mumewe, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, alisema naye lazima aende.

"Wewe unakwenda kufanya nini?" Mama Pindo alimuuliza.

"Mtoto ni wa kaka yangu. Tumbo lako lilikuwa gari tu la kumbebea."

Basi wakaondoka wawili. Kwenye ukaguzi wa kwanza, kabla hata hawajaiona ndege, askari alifungua pochi ya Mama Pindo akatoa mkasi wake mkubwa wa kazi. Sindano na uzi akarudisha, mkasi akautia kwenye pipa.

"Mwanangu, mkasi huo nimekaa nao kuliko mume wangu!"

"Mama, mumeo angekuwa na ncha kama hii ningemtia humo humo."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

Waliposhuka uwanja wa katikati walipitishwa ukaguzi mwingine, wakatokea kwenye ukumbi mrefu wa kusubiria, sakafu inang'aa, baridi ya viyoyozi inaingia mpaka kwenye meno. Wifi alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya wanaobadilisha ndege.

"Tuonyeshe hoteli yetu."

Dada wa mezani alitazama tiketi zao. "Hamna hoteli hapa, mama. Ndege yenu haijachelewa, ndivyo safari yenu ilivyopangwa. Kampuni inawalaza abiria ikiwachelewesha yenyewe. Na mkitaka kutoka nje kutafuta chumba, mtahitaji viza."

"Na kile chumba cha makochi kule?"

Dada akamtajia kiingilio chake. Wifi aligeuka bila kuaga. "Kwa pesa ile," alisema, "kochi lenyewe linatakiwa linibebe mgongoni."

Wakatafuta pa kujilaza. Viti vingi vilikuwa na mikono ya chuma kila baada ya kiti, kama vile aliyevitengeneza aliwahi kuudhiwa na mtu aliyelala. Wifi akagundua kona mbali kabisa, nyuma ya duka lililofungwa, zulia safi, kimya, taa nusu zimezimwa. Akavua viatu, akatandika kanga.

"Peponi," alisema.

Dada wa usafi aliyekuwa akipita na toroli la ndoo alisimama. "Shikamooni mama zangu. Hapo msilale."

"Marahaba. Tumemkanyaga nani?"

"Hakuna mtu, ndiyo ubaya wake. Mtu akiwachukulia mkoba hapa, nani atamwona? Laleni penye watu, karibu na milango ya kupandia ndege, chini ya kamera. Kuna safu ya viti visivyo na mikono pale mbele ya meza ya askari. Mkoba pitisheni kamba yake mguuni. Mmoja alale, mwingine akeshe. Chupa zenu tupu jazeni maji pale bombani, ya dukani ni ghali. Na ubao ule wa ndege mwutazame kila mara, milango hubadilika."

Walihama. Viti vilikuwepo, na mama mwingine mwenye watoto alikuwa amelala pembeni, na askari mezani anapiga miayo. Mama Pindo alivaa sweta juu ya gauni na soksi mbili mbili, akatega kengele ya simu, akamwambia dada wa usafi saa ya ndege yao kwa usalama zaidi. Wifi akalala wa kwanza, akaamka, zamu ikageuka.

Lakini Mama Pindo kulala aliwezaje? Kila akifumba macho anamsikia mlinzi wake. Khoro. Khoro. Wifi alikuwa anakesha kwa kukoroma.

"Wifi! Umelala!"

"Nimefumba macho tu. Masikio yanakesha."

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Pasipoti na kadi ya kupandia ndege vilikuwa kwenye mkoba, na mlinzi ni huyu. Akawaza: mwizi anachana mkoba, anakata kamba, lakini pindo la gauni aliguse nani? Gauni lilikuwa jipya, alilishona makusudi ili mama wa mkwe wake akiliona akose usingizi. Pindo lake pana, lina bitana ndani. Akaenda chooni, akafumua kidogo kwa ncha ya sindano, akatumbukiza pasipoti na kadi, kisha akashona. Uzi mara mbili, mshono wa kurudi nyuma, tundu kwa tundu. Akakata uzi kwa meno, akapapasa. Hata yeye mwenyewe hakuona pa kuanzia.

Alirudi akalala usingizi wa mfalme. Wifi akamlinda kwa namna yake ileile, na wote wawili wakapotea.

Kilichowaamsha si kengele. Ni dada wa usafi akimtikisa Mama Pindo bega. "Mama! Si mliniambia ndege ya jioni hii? Watu wanaingia!"

"Kengele bado haijalia, mwanangu."

Dada alichungulia simu. "Hii saa ya kwenu. Hapa tuko mbele saa nzima. Simu isiposhika mtandao haijui imefika wapi. Na mlango umebadilika, ni ule wa mwisho kabisa kule!"

Walikimbia. Wanawake wawili wa umri wao, viatu mkononi, mkoba bado umefungwa mguuni mwa wifi ukimfuata nyuma kama mbwa mwenye njaa. Walipofika, foleni ilikuwa imekwisha. Kijana wa mlangoni alinyoosha mkono.

"Pasipoti na kadi, tafadhali."

Wifi akatoa vyake shingoni, kwenye kifuko. Kijana akamgeukia Mama Pindo. Mama Pindo akatazama chini, kwenye pindo lake.

"Viko humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye gauni. Nimevishonea."

Kijana aliinama akalitazama pindo. "Basi fumua, mama."

Akachutama, akatoa sindano, akaanza kuchokonoa. Tundu moja halitoki. La pili halitoki. Akatia meno, akapata ladha ya bitana tu. "Una mkasi?" alimuuliza kijana.

"Mama, huku ndani nani ana mkasi?"

Redio ya kijana ikasema. Akajibu, akamgeukia. "Wanataka kufunga. Usipoingia, inabidi mzigo wako ushushwe."

Wifi alijipachika katikati ya mlango, mkono kiunoni. "Shusheni! Sanduku lake liko chini kabisa, limefungwa kamba ya katani mafundo tisa. Mpaka mlipate, mtoto atakuwa ameanza shule."

"Mama, tafadhali sogea."

"Nisogee niende wapi? Ndani, au nje? Amua. Mimi mtu mzima, magoti yananiuma."

Mama Pindo alisikia yote hayo kwa mbali. Alichokonoa tundu la tatu, sindano ikapinda. Katika kichwa chake kulikuwa na sauti moja tu, ya simu: nisiingizwe kule kabla sijakuona.

"Wifi," alisema, "hautoki. Mshono hautoki!"

"Umeshona mwenyewe, unalia na nani? Chana!"

"Hili gauni?"

"Mficha uchi hazai, wifi! Na hapa tunakwenda kuzalisha. Chana!"

Fundi anajua jambo moja: mshono mzuri haukatiki, kinachokatika ni kitambaa kilicho pembeni yake. Mama Pindo alishika gauni juu kidogo ya pindo kwa mikono miwili, akafumba macho kama anayechinja, akavuta. Lilipiga kelele, watu wa mlango wa jirani wakageuka. Likapasuka kuanzia pindo mpaka juu ya goti, soksi mbili mbili zikaonekana, na pasipoti ikadondoka sakafuni, kadi imekunjika ndani yake.

Kijana aliokota. Alisoma kadi, akatazama picha, akamtazama Mama Pindo, akaminya midomo isifunguke. "Safari njema, mama." Kisha hakuweza tena, akageukia ukuta, mabega yanaruka.

"Cheka tu, mwanangu," Mama Pindo alisema akipita. "Cheka ukishafunga mlango nyuma yangu."

Ndani ya ndege alijifunga kanga ya wifi kiunoni. Pasipoti hakuiweka mkobani wala popote, aliishika mkononi usiku kucha, chakula akala kwa mkono mmoja. Wifi alilala kabla taa hazijazimwa.

Alfajiri mkwe aliwapokea, akawapeleka moja kwa moja hospitali. Binti alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya karatasi kichwani, muuguzi ameshika kichwa cha kitanda anasubiri. Alipomwona mama yake ukumbini, na kanga ya watu, na nywele zilizolala upande mmoja kwa viti vya kule, alitaka kusema kitu.

"Nyamaza," Mama Pindo alimwambia, akamshika mkono. "Nimefika. Twende."

Wakaenda naye mpaka mlangoni, pale muuguzi aliposema sasa basi, na binti akaingia bila kulia.