Safu ya Vifo Isiyokuwa na Kichanga

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia kitini, na mwaka ule nilipokuwa mtendaji wa kijiji, kaskazini ya Bagamoyo kuelekea Saadani, kiti cha ofisi kilinichoma kama pweza aliye kaangoni. Afisa mipango wa wilaya alikuwa amekuja Jumatatu, akafunua daftari langu la vizazi na vifo na kuniuliza kwa upole kama kijiji chetu kina bahati. Upande wa vizazi nilikuwa nimejaza vizuri. Upande wa vifo walikuwapo wazee watatu na kijana mmoja aliyezama. Mtoto mchanga hakuna hata mmoja.

Alikuwa na muuguzi mkunga mmoja wa kupeleka, na vijiji viwili vinavyomtaka. Kijiji cha pili kilikuwa kimeandikisha vichanga waliokufa. Akasema anapeleka huduma penye shida, na shida yetu haipo kwenye karatasi. Orodha inafungwa Ijumaa.

Mimi shida nilikuwa nikiijua kwa jina. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na mimba ya miezi minane, na watoto wake wawili wa kabla ya hiyo walikuwa wamekufa siku ileile ya kuzaliwa. Zahanati iko ng'ambo ya mto, na mvua ikinyesha mto haupitiki.

Kwetu kitoto kinachokufa kabla ya siku ya saba, siku ya kupewa jina, huzikwa na wanawake peke yao. Hapatandikwi mkeka wa matanga, wala kisa hakizungumzwi. Hata baba huambiwa tu kwamba mgeni hakukaa. Wazee walikusudia kumpunguzia mama uchungu, nami sikuwalaumu mpaka Jumatatu ile.

Jumanne asubuhi nilichukua daftari nikaanza nyumba kwa nyumba. Nilieleza mpaka koo likakauka: mtoto akilia hata mara moja amezaliwa, basi ana haki ya kuandikwa mara mbili, kwenye vizazi na kwenye vifo, jina liwepo lisiwepo. Kwamba siku thelathini zikipita bado inawezekana, kwa barua yangu na kibali cha msajili wa wilaya. Walinikaribisha, wakanipa chai, wakaniuliza habari za nyumbani. Hakuna aliyetaja kichanga. Jioni nilikuwa na hasira nao wote, na miguu imevimba.

Jumatano mkunga wetu wa jadi, mama aliyewazika wengi wao kwa mikono yake, alinisindikiza hadi njiani.

"Mwanangu, unataka watu wavue nguo na wewe umejifunga kanga mbili," akasema. "Wako umemwandika?"

Nilikwenda mbio hadi ofisini, nikafunga mlango, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Wangu alikuwa na miezi kumi na minne ardhini. Alilia mara mbili. Mimi, niliyelipwa mshahara kwa kuandika, nilikuwa nimemruka, na siku ile sikuona hata kwamba nimemruka. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

Nikamwandika, kwa wino, kwenye kurasa zote mbili. Alhamisi nilirudi nyumba zilezile na sikueleza chochote. Nilifunua tu ukurasa nikausoma. Wifi alikuwa wa kwanza, akataja wawili wake huku ameshika tumbo. Hadi jua kutua nilikuwa na tisa, wote wa miaka mitatu ile tu. Muuguzi alikuja kabla ya masika, ila wifi hakumngoja. Alijifungulia kwa mkunga wetu, Mungu akajalia, na binti aliyezaliwa sasa ana watoto wake.

Lakini Ijumaa ile, kabla sijaondoka na orodha, palikuwa na jambo moja. Fomu za wilaya za kuchelewa kuandikisha zilitaka jina la baba, nami nilitaka naye atie sahihi. Nikamfuata mume wangu kwenye mashamba ya chumvi, nikamkuta ameshika sururu, miguu imepauka hadi magotini. Nilimweleza kwa haraka, nikiwa nimesimama upande, tayari kuondoka, maana gari la Bagamoyo halingoji.

Alipangusa vidole kwenye shati, akaipokea karatasi, akaisoma taratibu tangu juu. Nikamwonyesha pa kutia sahihi. Hakutia. Alikuwa amefika mstari wa tatu, akauwekea kidole.

"Kumbe alikuwa wa kike," akasema.