Noti ya Mzee Zorobabel

Mzee Zorobabel alikuwa karani wa depo ya dawa ya kanisa pale Butembo kwa miaka kumi na tisa, na kama kuna kitu alichokipenda baada ya mke wake Léa na ugali wa muhogo, ni Kifaransa kilichonyooka. Barua yake hata wa kuikosoa walikuwa haba. Tatizo, wa kuielewa nao walikuwa haba.

Mwaka 2001 barabara ya Beni ilijaa vizuizi vya wanajeshi. Waliposhusha mizigo na kukuta katoni moja isiyo kwenye karatasi, walichukua gari zima. Kwa hiyo Mama Hulda, msimamizi wa depo, akaamua: kuanzia Jumatatu hakuna kitu kinachotoka bila bon de sortie, karatasi ya kutolea mali, nakala tatu. Moja ibaki kwa mtunza stoo, moja isafiri na dereva, moja iachwe getini. Mlinzi ahesabu, na hesabu isipolingana, asifungue. Zamani neno la mkubwa lilitosha.

Jumatatu hiyohiyo lingeondoka gari la kwenda Mabalako, ambako kituo cha afya kilikuwa kimebakiwa na kwinini ya siku nne. Likikamatwa njiani, watoto wa kule watatibiwa kwa maombi tu.

Zorobabel akapiga chapa noti, tangazo la ofisi la ukurasa mzima kwa Kifaransa chake, akaibandika kwenye valve, ule ubao wa matangazo, na kupitisha orodha ya sahihi. Wafanyakazi wote kumi na mmoja wakasaini “nimesoma na kuelewa.” Akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumamosi asubuhi, akipita getini, akamwuliza Phinées, mlinzi, kwa kuchokoza tu:

“Jumatatu gari ikifika hapa, weye utafanya nini?”

“Ikipiga oni, miye nafungua, Papa. Kama siku zote.”

Zorobabel akamwendea Ananie, dereva, aliyekuwa chini ya gari na miguu nje. Naye hakujua.

“Lakini mulisinye!”

“Tulisinye juu ni weye uliandika, Papa,” Ananie akajibu kutoka chini ya gari. “Nani angekatala?”

Basi hiyo ndiyo heshima ya kwetu. Mzee akikupa karatasi unasaini, maana kuuliza ni kama kumwambia hajui kuandika. Iliuma, tusidanganyane. Alikaa mezani akaisoma tena noti yake, na kwa mara ya kwanza aliona ni nzuri na haina faida.

Hata hivyo alikuwa mtu mzima. Wafanyakazi walipokusanyika kwa maombi ya asubuhi hiyo, kabla ya “Amina” kupoa, alisimama.

“Ile noti yangu hapana ya kusikilika. Kosa ni yangu. Leo tutaifanya kwa mikono.”

Akaleta katoni tatu tupu. Kavuo, mtunza stoo, akaandika bon, Mama Hulda akaweka sahihi, Ananie akabeba, Phinées akahesabu. Mara ya pili Zorobabel akaficha katoni ya nne kusudi. Phinées alihesabu, akakuna kichwa, akahesabu tena, kisha akafunga geti kwa kishindo. Watu walicheka hadi Kavuo akaketi chini. Kila mmoja akasema kwa kinywa chake kazi yake ni ipi.

Jumatatu gari lilipakiwa katoni kumi na nne. Ananie alikuwa ameshawasha injini, Mama Hulda akatoka mbio na katoni ya serumu, maji ya dripu, kichwani.

“Ongeza hii. Fungua, Phinées.”

“Bon inasema kumi na ine, Mama. Iko kumi na tano.”

“Ni miye nasema!”

Phinées alikuwa na ufunguo mkononi, lakini hakufungua. Akamtazama Zorobabel. Na Zorobabel, ambaye hajawahi kumpinga mkubwa tangu azaliwe, akasogea mbele.

“Mama, weye mwenyewe ulisinye kumi na ine.”

Mama Hulda akashusha katoni, akacheka kwa aibu, akarudi kwa Kavuo kuandikiwa bon mpya. Dakika kumi tu, gari likatoka.

Jumanne saa nane mchana fonia, redio ya mawasiliano, ikakoroma kutoka Mabalako. Kwenye kizuizi wanajeshi walishusha kila kitu, wakahesabu mara mbili, katoni kumi na tano, na karatasi nayo inasema kumi na tano, wakamwachia Ananie. Kwinini imefika, na serumu ya Mama Hulda pia.

Kwa utaratibu, habari ya fonia hupanda kwanza kwa Mama Hulda, ofisini ghorofani. Zorobabel alisimama chini ya ngazi na karatasi ya habari hiyo mkononi. Kisha akageuka, akavuka uwanja, akaenda getini kumwambia Phinées kwanza.