Elfu Moja na Mia Tatu

Shangazi yangu tulimwita Pointi, kwa sababu hakuwahi kusema "kama kumi hivi" tangu akili zimwingie. Ukimwuliza umbali wa kituo cha basi atakujibu kilomita moja pointi nne, na ukicheka atakuuliza kinachokuchekesha ni nini. Alikuwa mdogo wa baba yangu kwa miaka kumi na mmoja. Baba ndiye aliyemsomesha, kwa gundi na uzi wa ushonaji viatu, toka darasa la kwanza hadi chuo, na Pointi hakulisahau hilo hata siku moja. Kila mwanzo wa mwaka alimletea kaka yake jozi ya misharasi mipya ya kutobolea ngozi, akaitoa kwenye mkoba kama mtu anayetoa dhahabu.

Kazi yake ilikuwa kwenye kampuni ya bahati nasibu. Watu wakisikia hivyo walimwomba namba za ushindi, naye alikuwa anakasirika kweli kweli. Yeye hakuchezesha chochote. Alikaa chumba cha nyuma, karibu na stoo ya karatasi, akaandika kila wiki ukurasa mmoja: mchezo wa wiki hii ukoje, na tiketi moja thamani yake ni kiasi gani.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Kulikuwa na namba milioni moja, kuanzia sufuri sita hadi tisa sita, na kila namba iliuzwa mara moja tu, kwa elfu moja. Jumamosi alasiri mitungi sita ya vioo ilizungushwa, kila mtungi ukatema mpira mmoja, namba ikapatikana. Mwenye nayo alichukua zawadi yote. Kama namba ile haikuwa imenunuliwa na mtu, zawadi ilibaki, wakaiongezea milioni mia tatu, ikachezwa tena wiki ya pili.

"Bei ya haki haina uchawi," Pointi alinifundisha siku moja nikiwa nasugua soli. "Chukua zawadi, igawe kwa namba zote. Zawadi ni milioni mia nne, namba ni milioni moja. Kila tiketi thamani yake ni mia nne. Wewe unatoa elfu. Hiyo mia sita ni ya bosi wangu."

"Basi mnatuibia," nikamwambia.

"Tumeandika nyuma ya tiketi. Nyie hamsomi."

Mimi nilikuwa nafanya kazi na baba karakanani. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, mashine kubwa ya kushonea ngozi iliyofungwa sakafuni kwa bolti, na ukuta mzima wa miguu ya mbao tunayoivalisha ngozi, kila mguu na namba yake. Baba alikaa humo miaka ishirini na miwili. Wateja walimjua kwa mlango, si kwa jina. Mwaka ule mwenye nyumba akaja na maneno mapya: kodi ya mwaka mzima ilipwe kwa mkupuo, milioni mbili na laki sita, mwisho wa mwezi. Ikikosekana, kuna muuza simu anakitaka chumba.

Baba alikuwa na milioni mbili. Nilijua, na mama alijua. Pointi hakujua, maana baba hakutaka mdogo wake adhani anaombwa arudishe ada ya shule. Ujeuri wa kipumbavu, nasema sasa, ingawa wakati ule niliuona ni heshima.

Jumapili Pointi akaja kula kwetu, uso unameremeta. Zawadi ilikuwa haijapata mshindi wiki tatu mfululizo. Toka milioni mia nne ikafika mia saba, ikafika bilioni moja, na sasa ilikuwa bilioni moja na milioni mia tatu.

"Kaka, haijawahi kutokea tangu niajiriwe," akasema. "Tiketi ya elfu moja wiki hii thamani yake ni elfu moja na mia tatu. Bosi anaiuza kwa hasara!"

Baba aliacha kutafuna. "Una hakika?"

"Hesabu haidanganyi."

"Nakuuliza wewe, si hesabu."

"Nina hakika, kaka."

Baba akaendelea kula. Mimi niliyekaa naye karakanani kila siku nilipaswa kuuona ule utulivu wake, nikaudhania shibe.

Jumatano aliniambia nifunge mapema. Tulizunguka vibanda vinne, maana hakuna kibanda kilichokuwa na tiketi za kutosha. Foleni zilikuwa ndefu na watu walisukumana. Tulinunua tiketi elfu mbili. Nilizipanga mwenyewe kwenye maboksi ya viatu, mia tano kila boksi, na baba akayaweka juu ya rafu kama oda ya mteja.

"Baba, hii ni pesa ya kodi," nikamwambia.

"Elfu mbili mara elfu moja na mia tatu?"

Nikapiga hesabu kichwani. Milioni mbili na laki sita. Barabara, bila kupungua hata senti, kama vile mwenye nyumba na kampuni walikaa meza moja. Nakiri kwamba na mimi moyo ulitulia. Hesabu iliingia kama mguu kwenye kiatu chake, nikaacha kuuliza.

Ijumaa saa nane mchana Pointi alipita kuchukua viatu vyake. Akaona boksi halijafungwa vizuri, akachungulia, akakaa chini kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Ngapi?" akauliza.

"Elfu mbili," baba akajibu, akishona. "Usinitazame hivyo. Si umesema mwenyewe?"

Nilimweleza shangazi habari ya kodi, yote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Alisikiliza akikunja na kukunjua kona ya tiketi moja. Alipoanza kuongea sauti ilikuwa ndogo.

"Kaka, hizo milioni mbili na laki sita hazipo. Hakuna mtu duniani atakayelipwa hizo. Kesho utapata bilioni moja na milioni mia tatu, au hupati kitu. Ile yangu ni wastani."

"Wastani si ndiyo thamani?"

"Wateja wako wa mwezi huu, ukijumlisha namba za miguu yao ukagawanya, utapata nini? Arobaini pointi nne. Nani anavaa arobaini pointi nne?"

Baba akanyanyua macho kuutazama ukuta wa miguu ya mbao. Nilidhani limemwingia. "Hakuna anayeivaa," akasema, "lakini ukininunulia ngozi ya viatu mia kwa wastani huo, itatosha."

"Itatosha kwa sababu ni viatu mia! Wewe kesho unashona kimoja." Alisimama. "Ungecheza wiki kama hii mara mia tano, kila mara na milioni zako mbili, ndipo wastani ungeanza kukutafuta. Ni karibu miaka kumi, kila wiki. Na hata hapo, kati ya watu watatu wanaofanya hivyo, mmoja na zaidi kidogo angemaliza bila kushinda hata mara moja. Kampuni inaweza kungoja, kaka. Wewe una mara moja tu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ziuze. Leo hii. Huko nje watu wanagombania, watazichukua kwa elfu moja hiyo hiyo. Mimi nitasimama na wewe."

Nilikwishanyanyuka kuchukua boksi. Baba akaweka mkono wake juu ya kifuniko. Hakufoka, na ni afadhali angefoka.

"Kitu cha elfu moja na mia tatu nikiuze elfu moja? Mimi nimeuza mali maisha yangu yote, mdogo wangu. Hiyo wanaita hasara."

Kila neno alilotupiwa Pointi lilikuwa lake mwenyewe. Aliondoka bila kuchukua viatu vyake.

Jumamosi saa kumi tulikaa mbele ya redio karakanani, baba, mama na mimi, maboksi manne miguuni. Namba zikasomwa moja moja. Tatu. Sufuri. Nane. Zetu zilizoanza na tatu-sufuri-nane zilikuwa mbili. Moja. Ikabaki moja, nikaishika kwa mikono miwili. Mpira wa tano ulikuwa sita, na yetu ilisema mbili. Wa sita sikuusikia, mama alikuwa anaomba kwa sauti.

Alishinda mama mmoja anayepiga pasi kwenye duka la dobi, alikuwa na tiketi moja. Wiki ile ziliuzwa tiketi laki tisa, kwa hiyo wachezaji wote kwa jumla walitoa milioni mia tisa wakarudishiwa bilioni moja na milioni mia tatu. Wachezaji walipata faida kubwa. Niliona shangazi ameiandika hivyo kwenye ukurasa wake wa Jumatatu, na chini yake akaandika mstari ambao bosi aliufuta: watu laki nane tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa hawakupata kitu, kama kila mmoja alinunua moja, na wapo walionunua nyingi.

Pointi alijaribu kukopa kazini, akanyimwa. Alileta akiba yake, laki saba, baba akamrudishia bahasha mlangoni. Mwisho wa mwezi muuza simu alikuja na futi ya kupimia kabla hata hatujatoa meza.

Siku ya kuhama Pointi aliomba ruhusa kazini akaja na kitambaa kichwani na kandambili miguuni, tayari kubeba. Mafundi wawili walikuwa wanafungua bolti za mashine, na kila bolti ilipolia baba alifumba macho. Tangu siku ile ya Ijumaa ndugu hawa wawili walikuwa hawajasemeshana zaidi ya salamu. Walianza kushusha miguu ya mbao, baba anatoa ukutani, shangazi anapanga kwenye gunia, namba kwa namba, bila kuambiana.

Walipofika arobaini na moja Pointi akasema, "Kaka, hesabu ilikuwa ya kweli. Wallahi ilikuwa ya kweli."

"Najua."

"Ndiyo maana inaniuma."

Baba akaendelea kushusha mpaka ukuta ukabaki na misumari peke yake. Kisha akaketi juu ya gunia, akajipangusa gundi iliyokauka vidoleni kipande kwa kipande.

"Jumapili ile," akasema, "ungesema kati ya watu mia tano wenye maboksi kama yangu anapata mmoja. Basi, hilo tu. Mimi wastani siujui. Ila jozi mia tano nimeshashona, najua ni nyingi kiasi gani."

Shangazi alikaa chini sakafuni palipokuwa na mashine, kati ya yale matundu manne ya bolti, akalia kama mtoto. Baba alimwacha alie. Halafu akafungua gunia jingine, akatoa viatu ambavyo Pointi aliviacha ile Ijumaa, akamwambia avae, njia ina mawe.